Kuomba likizo ya mwaka mmoja bila malipo na kutunziwa kiti chako

Barua za kuomba likizo ndefu bila malipo zilizopita mezani kwangu, hapa Mbeya na kabla ya hapo Iringa, nyingi zina kasoro moja. Mwombaji anaeleza shida yake kurasa mbili, anaomba ruhusa ya mwaka mzima, halafu anasahau kuomba kiti atakachorudia. Anajibiwa "ombi lako limekubaliwa", anashukuru, anapanda basi. Mwaka ukiisha anarudi na kukuta kiti kina mwenyewe, na ile barua aliyoitunza ndani ya Biblia haina hata neno moja kuhusu kiti.

Kwa hiyo sitakaa sana kwenye namna ya kuomba ruhusa. Nitakaa kwenye kiti. Nitafuata habari ya dada mmoja, mhasibu wa kampuni binafsi ya kununua na kufungasha parachichi, ambaye mama yake alipata kiharusi kule Makete na hakuwa na mwingine wa kumtunza. Alikuwa na miaka 6 kazini na mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Aliondoka mwaka mzima na akarudi kwenye meza yake ileile. Haikuwa bahati, alijipanga.

Haya yanawahusu walioajiriwa na kampuni, shule binafsi, hoteli, saccos na mashirika ya Tanzania Bara. Mtumishi wa umma ana njia yake kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009, na barua yake hupitia kwa mkuu wake wa kazi kwenda ngazi za juu. Aanzie kwa afisa utumishi wake, siyo hapa.

Kwanza: jua kwamba huna haki hiyo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, inampa mama aliyejifungua siku 84 (100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo), na inakupa likizo ya ugonjwa. Mwaka mzima wa kwenda kuuguza, kusoma au kusimamia shamba la familia haumo. Mwajiri akikataa, hajavunja sheria.

Inaonekana ni habari mbaya, ila ndiyo inayokuonyesha namna ya kwenda. Hudai, unapatana. Na mapatano yakishaandikwa na kusainiwa yanamfunga mwajiri kama sehemu nyingine yoyote ya mkataba wako. Kazi yako basi ni mbili: kumfanya asaini, na kuhakikisha alichosaini kina maneno yanayotakiwa.

Kuna jambo moja la hatari niliseme mapema. Usiondoke kwa ahadi ya mdomo. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, kwa mujibu wa Kanuni za Utendaji Bora za 2007. Bosi aliyekuambia "nenda tu, tutaongea" anaweza kuhamishwa wiki inayofuata, na aliyekuja nyuma yake ataona kwenye daftari la mahudhurio jina lisilo na sahihi.

Pili: chagua tarehe kwa kalenda ya ofisi, siyo yako

Dada wetu angeweza kuomba aondoke Februari, mama alipoanguka. Lakini kampuni ilifunga hesabu zake Desemba 31, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato hutakiwa TRA ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kuisha, yaani kabla ya Juni 30 kupita. Mhasibu anayeomba kuondoka Februari anamwachia bosi shimo katikati ya nyumba. Akatumia kwanza siku zake 28 za likizo ya mwaka kumpeleka mama hospitali na kumtafutia msichana wa kumsaidia kwa muda, akarudi, akafunga hesabu. Likizo bila malipo akaiomba ianze Julai 1, 2023 hadi Juni 30, 2024. Siku yake ya mwisho ofisini ikawa Ijumaa, Juni 30.

Mwalimu wa shule binafsi aangalie mihula. Mtu wa chai au mbao aangalie msimu wa mzigo. Ugonjwa hausubiri kalenda, najua, lakini mara nyingi likizo ya mwaka inaweza kukuvusha hadi tarehe ambayo bosi ataimeza bila kukohoa.

Tatu: njoo na jibu la "nani atakaa hapo?"

Hapa ndipo maombi mengi hufia. Dada aliingia ofisini kwa meneja asubuhi, kabla simu hazijaanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

Akamweleza, akasema anachotaka. Meneja akavua miwani. "Mwaka mzima? Na hesabu nani atafunga?"

Hakujibu kwa machozi. Akatoa karatasi moja.

Mtu anayeziba nafasi yako kwa mwaka mzima ndiye atakayekuondoa kwenye kiti, hata kama hana nia hiyo. Akiajiriwa mgeni moja kwa moja kwenye cheo chako, miezi 6 ikipita ofisi itamzoea. Ukirudi, bosi atakuwa na watu wawili na kiti kimoja, na yule aliyepo ana faida ya kuwepo. Zaidi ya hapo, sheria inasema mkataba wa muda maalumu ukiisha bila kuongezwa, na mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa, kutoongezewa huko kunaweza kuhesabika kuwa ameachishwa kazi. Mwajiri aliyemwahidi mgeni "fanya vizuri tutaona" amejifunga, na mwanasheria wake atamshauri ni rahisi kukutema wewe.

Karatasi ya dada ilipendekeza njia nyingine. Mhasibu msaidizi aliyekuwepo akaimu nafasi yake kwa barua ya kukaimu, alipwe posho ya kukaimu. Mgeni aajiriwe chini, kwenye kiti cha msaidizi, kwa mkataba wa muda maalumu. Kwa mpango huo hakuna mtu hata mmoja anayeajiriwa kwenye kiti chake. Anayekaimu ana kwake pa kurudi, na mgeni anajua tangu siku ya kwanza kwamba amekuja kwa muda.

Mkataba wa muda maalumu una masharti yake. Wenye taaluma, kama wahasibu, wanaruhusiwa kuajiriwa hivyo, na kanuni za ajira za 2017 zinataka mkataba wa namna hiyo usipungue miezi 12. Kwa hiyo mtu anayeomba miezi 8 anamsumbua mwajiri wake kuliko anayeomba 12. Dada akapendekeza mgeni aanze Juni 1, 2023 hadi Julai 14, 2024, ili pawe na mwezi mmoja wa kukabidhiana mwanzoni na wiki mbili mwishoni.

Chini ya karatasi akaweka hesabu, kwa kuwa meneja wa parachichi anasoma namba kabla ya maneno. Mshahara wake 900,000 na mchango wa mwajiri NSSF 90,000 ni 990,000 kwa mwezi ambazo kampuni haitalipa. Mgeni wa 550,000 pamoja na mchango wake ni 605,000, na posho ya kukaimu 200,000 pamoja na mchango wake ni 220,000. Jumla 825,000. Kampuni inabakiwa na 165,000 kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni 1,980,000. Ukitoa mshahara wa mgeni kwa ule mwezi wa kwanza na zile wiki mbili za mwisho, kama 907,500, bado inabaki zaidi ya milioni moja.

Meneja alisoma mara mbili. Akasema, "Niachie hii." Hakusema ndiyo. Lakini hakurudisha karatasi.

Nne: andika barua, na iwe fupi

Barua ije baada ya mazungumzo, isiwe ya kumshtua mtu. Ile desturi yetu ya kuanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" haidhuru, wakubwa wengi wanaitegemea kama shikamoo. Kinachodhuru ni kumwaga historia ya ugonjwa hadi vipimo vya damu. Aya moja ya sababu inatosha. Cheti cha daktari kiambatishwe, kisisimuliwe.

Hii ndiyo barua ya yule dada, nimeondoa majina:

*YAH: OMBI LA LIKIZO BILA MALIPO YA MIEZI 12 NA KUTUNZIWA NAFASI YANGU YA MHASIBU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kufuatia mazungumzo yetu, naomba mambo mawili.*

*La kwanza, naomba likizo bila malipo kuanzia Julai 1, 2023 hadi Juni 30, 2024 ili kumuuguza mama yangu mzazi wilayani Makete. Nakala ya cheti cha daktari imeambatishwa.*

*La pili, naomba nafasi yangu ya Mhasibu, kituo cha kazi cha sasa, itunzwe kwa muda huo, nami nirejee kwenye nafasi hiyo Jumatatu, Julai 1, 2024 kwa mshahara na masharti yasiyopungua ya sasa, utumishi wangu ukihesabika kuwa haukukatika.*

*Pendekezo la namna ya kuziba nafasi na gharama zake limeambatishwa. Nitakabidhi ofisi kwa maandishi kabla ya Juni 30, 2023, na nitathibitisha kurejea kwangu kwa maandishi kabla ya Machi 31, 2024.*

*Naomba tukikubaliana tusaini nyongeza ya mkataba. Naambatisha rasimu.*

Maombi mawili, kila moja na aya yake, na yote mawili yako kwenye kichwa cha habari. Bosi akitaka kukubali la kwanza na kukataa la pili itambidi aseme hivyo, hawezi kulipita kimyakimya. Peleka nakala mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, tuma na kwenye anwani yako binafsi, maana ile ya ofisini inaweza kufungwa siku unayoondoka.

Tano: nyongeza ya mkataba

Jibu la barua linalosema "limekubaliwa" ni zuri, ila unachotaka ni karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri, masharti ya kazi yanapobadilika, ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumpa taarifa kwa maandishi. Kwa hiyo huombi upendeleo ukiomba nyongeza ya mkataba.

Niseme kosa langu. Miaka ya mwanzo nikiwa afisa utumishi niliandika barua ya kumruhusu fundi mmoja aende kusoma, na nikaweka sentensi niliyoikopa kwenye faili la zamani: "utarejea kazini kwa kutegemea upatikanaji wa nafasi." Niliiona ni sentensi ya kiungwana. Aliporudi nafasi haikupatikana, na sentensi yangu ndiyo iliyotumika kumfungia mlango. Ukiona "kwa kutegemea", "itakapowezekana" au "nafasi inayolingana na hiyo", simama hapo, uliza. "Inayolingana" inaweza kuwa Mbozi wakati watoto wako wanasoma Mbeya.

Kuna vipengele vinne ambavyo mimi nisingesaini bila kuviona.

Cha kwanza ni kiti chenyewe: cheo, kituo cha kazi, tarehe ya kurejea, mshahara usiopungua. Kama kuna nyongeza ya mshahara ya wote ndani ya mwaka huo, pataneni kama utaikuta au hutaikuta. Dada aliikosa kwa hiari yake, akasema hilo asilipiganie.

Cha pili ni utumishi usiokatika. Watu hukidharau kwa kuwa hakina fedha ndani yake, kumbe ndicho chenye fedha zaidi. Kiinua mgongo cha kisheria mtu anapoachishwa kwa sababu zisizo kosa lake ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Dada mwenye miaka 6 alikuwa na siku 42 zinazomsubiri. Akirudi kwa mkataba mpya, mwajiri anaweza kusema ameanza sifuri. Vilevile, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimgusi mwenye chini ya miezi 6 kazini, na mtu aliyeandikiwa mkataba mpya wenye kipindi cha majaribio anajiingiza kwenye ubishi ambao hakuwa nao. Bosi anaweza kutaka mwaka wenyewe wa likizo usihesabike kwenye kiinua mgongo. Hilo mkubalie. Usikubali tu miaka ya nyuma ifutwe.

Cha tatu: kampuni ikipunguza watu wakati haupo. Hakuna mwajiri atakayekuahidi kwamba kiti kitakuwepo hata kampuni ikiyumba, na ukimlazimisha hatasaini kabisa. Omba kitu kinachowezekana, kwamba ukitokea upunguzaji utapewa taarifa na kushirikishwa kama aliyepo ofisini. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane kabla ya kupunguza watu. Tatizo la aliye mbali ni kwamba mashauriano hufanyika ukumbini na yeye yuko Makete, mtandao unakamata juu ya kilima tu. Andikeni taarifa itumwe wapi: namba mbili za simu, anwani ya barua pepe, na jina la ndugu aliyeko mjini atakayepokea barua kwa mkono.

Cha nne ni kazi nyingine. Mwajiri ana wasiwasi kwamba unakwenda kujaribu kazi kwa mshindani huku umeshika kamba ya kurudia. Muondolee: andika kwamba hutaajiriwa na mnunuzi mwingine wa parachichi ndani ya mwaka huo. Lakini kama una kibanda au shamba, sema mapema, kiandikwe kinaruhusiwa. Mtu akionekana anauza viazi Uyole wakati faili linasema anauguza, maneno huanza.

Kuhusu kupigiwa simu, pataneni kiasi. Dada alikubali kuulizwa kwa simu mwezi wa kwanza bila malipo, na baada ya hapo akiitwa kufanya kazi, kama kusaidia ritani ya mwaka uliofuata, alipwe kwa siku. Aliitwa siku 3 mwezi Juni 2024. Alilipwa, na nadhani kuonekana kwake kulimsaidia kuliko fedha zenyewe.

Sita: makato yanayosimama na madeni yasiyosimama

Mshahara ukikoma, kila kilichokuwa kinakatwa juu yake kinakoma. Wengi hufurahia hapo. Piga hesabu moja moja kabla ya kufurahia.

Mchango wa NSSF kwa yule dada ulikuwa 180,000 kwa mwezi, nusu yake na nusu ya mwajiri. Mwaka bila mchango ni 2,160,000 ambazo hazikuingia, na ni miezi 12 isiyohesabika kwenye ile miezi 180 inayotakiwa ili mtu alipwe pensheni ya uzeeni. Kwa mwenye miaka 30 na kitu si msiba, atafidia. Kwa mwenye miaka 50 na miezi 120 tu, mwaka huo una uzito, na afike ofisi ya NSSF kuuliza kuhusu kuchangia kwa hiari kabla hajaomba likizo.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000 kwake. Mwajiri akiacha kupeleka, deni linabaki palepale na jina lako linaanza kuonekana kama mtu aliyekwepa. Andikia Bodi, waeleze, na ulizia namna ya kulipa mwenyewe kwa namba ya malipo. Mkopo wa benki uliopitishwa kwa mgongo wa mshahara ni mkali zaidi. Mwajiri aliisainia benki kwamba mshahara utapitia pale, hivyo nenda benki na barua ya likizo mkononi kabla ya mwezi wa kwanza kukatika. Yule dada alikuwa amebakiza miezi 5 ya mkopo wake wa saccos, akauza ng'ombe wa urithi akaumaliza. Si kila mtu ana ng'ombe.

Bima ya afya inayolipiwa kupitia mshahara nayo inaweza kufungwa michango ikikoma, na kwa anayekwenda kuuguza hili lisigunduliwe dirishani pa hospitali. Muulize mwajiri kama anaweza kuendelea kupeleka mchango na wewe ukamrudishia kila mwezi. Wengine hukubali, maana kwao ni kazi ndogo. Iandikwe.

Saba: kabidhi kana kwamba hurudi

Weka kwenye makabidhiano kila kitu: funguo, orodha ya wadai na wadaiwa, vitabu vya risiti kwa namba zake, kompyuta, salio la fedha ndogo siku hiyo. Nywila zibadilishwe mbele yako, na aliyepokea asaini. Hii si adabu tu. Mwezi wa nne likipotea jambo, wa kwanza kutajwa ni asiyekuwepo. Dada aliondoka na nakala ya kurasa 4 yenye sahihi tatu, na Novemba kulipozuka swali la fedha ndogo zilizopungua 86,000, karatasi ilionyesha aliziacha zimelingana. Swali likaishia kwa wengine.

Nane: anza kurudi mapema

Tarehe ya kuthibitisha ilikuwa Machi 31, 2024, ambayo ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Akapeleka barua Machi 25, mwenyewe, kwa basi kutoka Makete. Akakuta meneja aliyesaini kila kitu ameshaondoka na aliyekuja hamjui.

"Wewe ni nani wetu?" akaulizwa, si kwa ubaya.

Faili lilikuwa kabatini lakini ile nyongeza ya mkataba haikuwemo. Akafungua mkoba, akatoa yake, yenye sahihi na muhuri. Meneja mpya akaisoma hadi mwisho, akamwita aliyekuwa anakaimu, akamuuliza kama anajua. Akajibu kwamba barua yake ya kukaimu inasema mwisho ni Juni 30. Mkataba wa mgeni ukasema Julai 14. Karatasi tatu, tarehe zinazokubaliana. Meneja akasema, "Basi karibu Julai."

Fikiria tungekuwa na barua moja tu inayosema limekubaliwa.

Ukirudi siku yako na ukaambiwa hakuna nafasi, usigombane getini na usikae nyumbani kungoja huruma. Ripoti kazini kwa maandishi siku hiyohiyo, ueleze umefika na uko tayari kufanya kazi, upate muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupokea, tuma kwa barua pepe na nenda na shahidi. Omba kukataliwa kwako kuandikwe. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Chukulia yako ni ya 30, usijidanganye na 60. Tume ina ofisi Mbeya na Iringa, unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, na mnaanza kwa usuluhishi. Mbele ya msuluhishi kitakachotazamwa ni ile nyongeza ya mkataba, barua yako ya kuthibitisha na muhuri wa siku uliyoripoti.

Ukiitiwa ndani na kupewa karatasi mpya ya mkataba "kwa ajili ya kumbukumbu tu", iombe uende nayo nyumbani. Tafuta tarehe ya kuanza kazi. Ya yule dada iliandikwa Julai 1, 2024. Akairudisha bila kuisaini, akaomba isomeke tarehe yake ya zamani, na alipoletewa iliyosahihishwa akasaini, akavuta kiti.